Mvua ya Jumamosi na dola 57,500: kisa cha meli ya mbolea

Mama alinipokea kwenye godauni lake Iyunga, hapa Mbeya, amekaa juu ya viroba, karatasi mbili mkononi. Ya kwanza aliiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, na mstari wake wa mwisho ulisema mwenye meli anapaswa kumlipa yeye dola 1,750. Ya pili ilitoka kwa mwenye meli, nayo ilisema yeye ndiye anayedaiwa, dola 64,500. Meli ni moja, siku ni zilezile, mvua ni ileile.

"Mwanangu," alisema, "hapa kuna mmoja wetu hajui hesabu."

Nilizipitia zote mbili na hesabu zilikuwa sawa. Hakuna aliyekosea kujumlisha wala kutoa. Tofauti yote ilikuwa kwenye swali moja: saa ipi inahesabiwa na saa ipi inaachwa. Nimesogeza tarehe na kiasi kidogo ili mhusika asijulikane, lakini mwendo wa kisa ni huohuo.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja. Wengi wetu hapa Nyanda za Juu tukisikia demareji tunafikiria kontena: siku za bure zimeisha, kampuni ya meli inakutoza kwa kila siku unayolikalia. Hii ni ndugu yake, lakini sheria zake ni nyingine. Hapa Mama hakuleta kontena. Alikodi meli kwa safari moja, ilete tani 12,000 za mbolea ya kupandia, ya kichele, yaani iliyomwagwa melini bila kufungashwa, hadi Dar es Salaam. Mkataba wa kukodi meli humpa mkodi muda fulani wa kushusha ambao umeshalipiwa ndani ya nauli. Watu wa bandarini huuita leitaimu. Ukiuzidisha, unalipa fidia iliyokwisha kupangwa kwa kila siku na kila sehemu ya siku, na hiyo ndiyo demareji. Mwenye meli hahitaji kuthibitisha kwamba alipata hasara, wala wewe huruhusiwi kusema hasara yake ilikuwa ndogo. Bei ilishakubaliwa siku ya kusaini. Ukimaliza mapema, na mkataba ukisema hivyo, yeye ndiye anakulipa, kwa kawaida nusu ya kiwango hicho.

Mkataba wa Mama ulijazwa juu ya fomu ya GENCON ya 1994, fomu inayotumika sana kwa shehena za namna hii, na ukaongezewa vifungu. Kasi ya kushusha ilikuwa tani 1,500 kwa siku ya hali ya hewa inayoruhusu kazi. Jumapili na sikukuu zisihesabiwe, hata zikitumika. Demareji dola 12,000 kwa siku, malipo ya kuwahi nusu yake. Ukigawa tani 12,000 kwa 1,500 unapata siku 8, yaani saa 192. Na dola 12,000 kwa siku ni dola 500 kwa saa, jambo lililonirahisishia kazi, kwa sababu kila tulipogombana kuhusu saa moja tulijua tunagombania nini.

Sasa matukio. Meli ilitia nanga nje ya bandari Jumatatu tarehe 2 Desemba asubuhi. Saa 4:30 nahodha akatuma notisi ya utayari, barua fupi inayosema: nimefika, niko tayari kushusha. Gati lilikuwa na meli nyingine. Ijumaa tarehe 6 saa 12 asubuhi wakang'oa nanga, saa 3 wakafunga kamba gatini. Kushusha kukaendelea hadi Jumatano tarehe 18 saa 4 asubuhi. Mbolea ilimwagwa kwenye hopa, ikafungashwa palepale gatini, malori ya mjini yakaipeleka godauni Kurasini, na kutoka huko ndipo ikaanza kupandishwa huku.

Karatasi ya Mama ilianza kuhesabu Ijumaa saa 3 asubuhi, meli ilipogusa gati. Hoja yake ni ile ambayo kila mtu angeitoa: "Nitashushaje mbolea meli ikiwa baharini? Gati silimiliki mimi." Kisha akatoa kila saa ya mvua, akatoa Jumapili mbili na sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9, akapata saa 185. Alipewa 192. Kwa hiyo kabakisha saa 7, na nusu ya dola 500 mara 7 ni dola 1,750. Safi kabisa, kama mkataba ungekuwa unasema hivyo.

Mkataba ulisema vingine. Katika fomu ile, gati lisipokuwa wazi meli inapofika, nahodha anaruhusiwa kutoa notisi akiwa bado nangani, katika saa za ofisi, na muda unahesabiwa kana kwamba meli iko gatini. Notisi ikitolewa hadi saa 6 mchana, saa inaanza kukimbia saa 7 mchana siku hiyohiyo. Ikitolewa baada ya hapo, inaanza saa 12 asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Notisi ya Mama ilikuja saa 4:30 asubuhi, kwa hiyo saa ilianza Jumatatu saa 7 mchana, wakati yeye bado yuko Mbeya anasubiri simu ya kuambiwa meli imepata gati. Foleni ya bandari imewekwa mgongoni mwa mkodi. Hakuna anayesema ni kosa lake. Ni hatari aliyoinunua aliposaini. Kinachoondolewa ni muda wa kuhama tu, kutoka nangani hadi gatini, hapa saa 3.

Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna mkataba ambao foleni si ya mkodi. Upo. Ungesema muda uanze meli ikishafunga gatini, na nauli ingepanda kwa sababu mwenye meli angeibeba foleni yeye. Nilimwambia pia kitu ambacho huwa nakiangalia kabla ya kukubali notisi yoyote: je, meli ilikuwa tayari kweli siku ile? Kama matumbo yake yana kutu au mabaki ya shehena ya zamani, au kreni haifanyi kazi, notisi inaweza kuwa na dosari. Hapa sikuona kitu. Notisi ilikuwa nzuri.

Hoja ya pili ndiyo iliyomfurahisha Mama, na ndiyo iliyomkera mwenye meli. Karatasi yake mwenye meli ilikuwa imetoa mvua, lakini ile ya gatini tu: saa 5 za Jumamosi tarehe 7 na saa 4 za Jumatano tarehe 11. Mbolea ya kichele hailali wazi kwenye mvua. Tone likianza, vifuniko vya matumbo vinafungwa na kazi inasimama. Lakini mvua ilinyesha hata meli ilipokuwa nangani. Vuli ya Dar haikusubiri gati. Nani aliandika?

Hakuna aliyeandika. Taarifa ya matukio, ile karatasi ambayo wakala wa meli anaorodhesha kila kilichotokea na saa yake, kwa siku nne za nangani ilikuwa na mstari mmoja tu: meli inasubiri gati. Hilo ni jambo la kawaida sana, na pesa nyingi hupotelea hapo. Kama mkataba unasema muda wa kusubiri unahesabiwa kana kwamba meli iko gatini, basi unahesabiwa pamoja na msamaha wake wote. Saa ambayo mvua ingezuia kazi gatini haihesabiwi hata kama meli iko baharini na hakuna aliyeshika hata koleo. Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa kule, lilikata shauri hivyo 1976 katika kesi ya meli Darrah, iliyokuwa imebeba saruji kwenda Tripoli, Libya, ikasubiri gati. Nataja Uingereza kwa sababu mkataba wa Mama ulisema sheria ni ya Kiingereza na ugomvi utaamuliwa London, kama fomu ile inavyofanya usipoandika kitu kingine.

Ushahidi je? Kipimo cha mvua cha siku nzima hakitoshi, kwa sababu kinakuambia imenyesha milimita ngapi bila kukuambia ilianza saa ngapi. Nilichofanya ni kuwatafuta mawakala wa meli mbili zilizokuwa magatini siku zile, nikaomba taarifa zao za matukio. Moja ilikuwa inashusha ngano. Wenye ngano wanaogopa mvua kama wenye mbolea, na karatasi yao ilionyesha vifuniko vilifungwa kwa mvua kwa muda wa saa 4 Jumanne tarehe 3, na kwa muda wa saa 6 Alhamisi tarehe 5. Saa 10 hizo zilikuwa mali ya Mama, dola 5,000, na zilikuwa zimelala kwenye faili la mtu mwingine.

Tukahesabu upya kwenye mgongo wa kalenda. Jumatatu tarehe 2 saa 11. Jumanne 20. Jumatano 24. Alhamisi 18. Ijumaa 21, tukitoa kuhama. Jumamosi 19. Jumapili na Uhuru, sifuri. Jumanne tarehe 10 saa 24, Jumatano 20, Alhamisi 24. Hapo tumefika 181. Zimebaki 11, kwa hiyo muda wa bure uliisha Ijumaa tarehe 13 saa 5 asubuhi. Kwa mwenye meli ulikuwa umeisha saa 7 usiku wa kuamkia Ijumaa hiyohiyo.

"Sasa toa mvua ya Jumamosi," Mama akasema, akimaanisha tarehe 14. Siku ile ilinyesha kwa saa 14. Jumatatu tarehe 16 ikanyesha tena kwa saa 9. Na katikati kulikuwa na Jumapili.

Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kisa hiki, na nilijua hataipenda. Nilimwambia hatutoi.

Watu wa meli wana usemi wao: ukishaingia kwenye demareji, umo kwenye demareji. Misamaha yote ya mvua, Jumapili na sikukuu imefungwa kwenye muda wa bure. Muda ule ukiisha, misamaha imekwenda nao. Sababu yake ina mantiki, hata kama inauma. Kama ungemaliza ndani ya muda wako, meli ingekuwa imeondoka, na mvua ya Jumamosi ingenyesha juu ya gati tupu. Imeikuta meli pale kwa sababu umechelewa. Katika kesi ya meli Dias, 1978, shehena ilikuwa ngano iliyokwenda China. Mkataba ulisema muda wa kupiga dawa shehena usihesabiwe. Dawa ikapigwa baada ya muda wa bure kwisha. Mabwana walisema maneno yale yanahusu muda wa bure, na kama mkodi anataka yamlinde hadi kwenye demareji, ni lazima yaandikwe waziwazi. Kwenye shaka, mkodi ndiye anayepoteza.

Kwa Mama, Jumapili saa 24, Jumamosi saa 14 na Jumatatu saa 9 ni saa 47. Mara 500 ni dola 23,500 za kulipia mvua na siku ya ibada. Alisema hili si haki. Sikubishana naye. Lakini nikamwonyesha kitu kwenye mkataba wake mwenyewe, kwa sababu nilitaka aone nguvu ya maneno machache.

Jumanne tarehe 17 kreni moja kati ya tatu za meli iliharibika kwa saa 12. Kifungu cha kreni, kilichoongezwa na dalali wakati wa kujadiliana, kilisema muda unaopotea kwa kuharibika kwa vifaa vya meli usihesabiwe "kama muda wa kushusha wala kama muda wa demareji", kwa uwiano wa kreni zilizosimama. Kifungu cha mvua hakikuwa na hayo maneno ya mwisho. Basi kreni inatolewa hata ndani ya demareji: moja ya tatu ya saa 12, saa 4, dola 2,000. Mvua haitolewi. Vifungu viwili kwenye ukurasa mmoja, kimoja kinavuka mstari na kingine kinaishia pale. Mwenye meli alikuwa ameiruka kreni kwenye hesabu yake; sidhani ni bahati mbaya, lakini ilikuwa imeandikwa kwenye taarifa ya matukio na nahodha alikuwa amesaini, hakubisha.

Kutoka Ijumaa tarehe 13 saa 5 asubuhi hadi Jumatano tarehe 18 saa 4 asubuhi ni siku 4 na saa 23, yaani saa 119. Toa 4 za kreni, zinabaki 115. Dola 57,500.

Mama alitazama kalenda muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo lingefaa kuulizwa Novemba: "Kwa hiyo ilipotea wapi? Maana makuli walifanya kazi."

Walifanya kazi, kweli. Nilipotoa mvua na siku walizopumzika, nilipata wastani wa tani 1,400 hivi kwa siku, karibu na ile 1,500 ya mkataba. Foleni ilikula sehemu, na hiyo hakuwa na la kufanya. Lakini tulipofika Jumapili tarehe 8 na Jumatatu tarehe 9, tuliona pengo. Meli iko gatini, anga liko wazi siku zote mbili, na taarifa ya matukio inasema: hakuna kazi.

"Si sikukuu?" alisema. "Na mkataba unasema haihesabiwi. Nikaona nisilipe ovataimu bure."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ni kosa ambalo nimeliona kwa watu wenye uzoefu kuliko yeye. Aliusoma msamaha kama ruhusa ya kupumzika. Kifungu chake kilisema hazihesabiwi hata zikitumika. Maana yake ni kwamba angeweza kushusha saa 48 nzima, tani 2,800 hivi, na saa yake ya mkataba isisogee hata dakika. Kila tani iliyotoka siku hizo ingetoka bila kugusa muda wake. Meli ingemaliza zaidi ya siku mbili mapema, na demareji ingepungua kwa si chini ya dola 24,000. Ovataimu ya magenge ya makuli kwa siku mbili haifiki huko hata kwa mbali. Cha kuchekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba Jumapili iliyofuata, tarehe 15, alipata wasiwasi akalipa ovataimu. Ile ndiyo Jumapili iliyokuwa inahesabiwa. Si kwamba alifanya vibaya kuitumia, maana kila saa ilikuwa dola 500, lakini alilipia ovataimu kwenye siku ya gharama na akaikwepa kwenye siku ya bure.

Kifungu kingeweza kuwa tofauti. Mikataba mingi inasema Jumapili hazihesabiwi "isipokuwa zikitumika", na hapo kazi unayoifanya inakula muda wako. Hata hivyo bado mara nyingi inalipa kufanya kazi, ila hesabu si rahisi namna hii. Ndiyo maana kabla meli haijafika huwa nataka kuona maneno hayo mawili au matatu yanayofuata neno Jumapili, kabla hata ya kuangalia bei.

Mwenye meli alijibu baada ya siku tisa. Kreni alikubali mara moja. Mvua ya nangani aliipinga, akisema meli ya ngano ilikuwa gati jingine na huenda mvua ya Dar inanyesha upande mmoja. Ni kweli inanyesha hivyo wakati mwingine. Tulimpelekea karatasi ya meli ya pili, iliyokuwa mbali zaidi na ile ya kwanza, yenye saa zilezile isipokuwa dakika ishirini. Akakubali, na Mama akalipa dola 57,500.

Mwezi wa sita aliniita tena, safari hii rasimu ya mkataba mpya iko mezani. Alikuwa ameshaongeza mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, kwamba mvua isihesabiwe hata wakati wa demareji. Dalali alirudisha jibu siku ileile: inawezekana, lakini nauli itapanda dola moja na nusu kwa tani. Kwa tani 12,000 hiyo ni dola 18,000, zinalipwa mvua inyeshe isinyeshe.

Alipiga hesabu, akafuta maneno yake. Kisha akampigia mtu wake wa Kurasini kuuliza bei ya magenge mawili kwa kila Jumapili ya Novemba.